Kosa 6004 sebuleni Mikindani: jinsi ya kuandika lalamiko ambalo huduma ya filamu mtandaoni italifanyia kazi

Ukiiandikia huduma ya filamu mtandaoni kwamba "programu yenu inasumbua kila siku", utajibiwa uzime ruta, uiwashe tena, kisha upime kasi ya intaneti yako. Mhudumu hana jingine la kukuambia, kwa sababu hujampa pa kuanzia. Kwenye seva za kampuni kila jaribio la kufungua filamu huacha kumbukumbu: akaunti ipi, kifaa kipi, filamu gani, saa ngapi, na safari imekwama wapi. Mhandisi akipata vitu hivyo kutoka kwako anaweza kulifungua tukio lako lenyewe na kuona kilichotokea. Kwa hiyo kazi yako unapolalamika ni kumwezesha mtu aliye mbali kulikuta tukio hilo, na kumwonyesha kwamba chanzo si intaneti ya nyumbani kwako.

Nitaeleza hatua kwa kufuata kisa cha mjomba wangu anayekaa Mikindani, mkoani Mtwara. Ana runinga iliyounganishwa na boksi la Android, na ruta ya 4G anayoijazia bando kila mwezi. Mwanzoni mwa Julai 2025 filamu zilianza kugoma, mara zinakataa kufunguka, mara zinakatika katikati, na skrini inaonyesha namba ndogo chini. Kampuni siitaji, kwa kuwa utaratibu ni uleule kwa huduma yoyote. Vitambulisho vya akaunti na vya kifaa nimevibadilisha.

Nilipomwambia aanze kuandika daftari, alinijibu kwa haki kabisa: "Mpwa wangu, mimi hela nimelipa. Kwa nini nifanye kazi ya mafundi wao?" Nilimweleza kwamba seva zao zinaona ombi lililoshindikana, lakini hazioni sebule yake. Kama umeme ulikatika dakika kumi kabla, kama simu ya mke wake ilicheza filamu hiyohiyo kwa Wi-Fi hiyohiyo, hayo anayajua yeye peke yake.

Hatua ya kwanza: saa na tarehe zisizoweza kusomwa vibaya

Mstari wa kwanza katika daftari la mjomba ulisomeka: "5/7 saa 3:10 usiku, imekatika." Sisi tunaelewa mara moja. Mhudumu aliye nchi nyingine atatafuta tukio la saa 3:10 baada ya usiku wa manane, yaani saa kumi na nane kabla ya tukio lenyewe, na hatakuta kitu. Kama amezoea tarehe za Kimarekani, ataisoma 5/7 kuwa tarehe saba Mei. Kwa kosa dogo kama hilo, malalamiko ya kweli hufungwa kwa maelezo kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana.

Andika saa kwa mtindo wa saa 24 kama simu inavyoionyesha, na mwezi uandike kwa jina: "5 Julai 2025, 21:10". Kisha ongeza kwamba hizo ni saa za Afrika Mashariki, UTC+3, maana yake ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. Ukitaka kumrahisishia mhandisi, mpe na saa ya UTC pembeni, kwani kumbukumbu za seva kwa kawaida huandikwa kwa UTC. Hesabu yake ni kuondoa saa tatu tu, na haibadiliki mwaka mzima kwa kuwa Tanzania haisogezi saa kwa majira. Hapo 21:10 inakuwa 18:10 UTC.

Angalia sana matukio ya usiku mkubwa. Tukio la saa 6:40 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ni 00:40 ya Jumapili kwa saa ya simu, lakini kwa UTC ni 21:40 ya Jumamosi. Ukiandika saa zote mbili na tarehe zake, hakuna atakayechanganyikiwa.

Andika dakika ileile tatizo linapotokea. Ukisubiri asubuhi utakumbuka "kama saa tatu hivi", na ndani ya saa nzima akaunti yako inaweza kuwa na maombi mengi kwenye seva.

Hatua ya pili: picha ya kosa

Usitegemee kupiga picha ya skrini kwa boksi au simu inayocheza filamu. Filamu zinazolindwa huzuia jambo hilo, na mara nyingi utapata picha nyeusi. Chukua simu nyingine, simama mbele ya runinga, piga skrini nzima, namba ya kosa ikisomeka. Kama ujumbe unatoweka haraka, rekodi video fupi kuanzia unapobonyeza kitufe cha kucheza.

Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe na saa ilipopigwa, na huo ni ushahidi mzuri. Lakini ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa na picha yenyewe hubanwa. Mjomba alikuwa ananitumia picha kwa njia hiyo, namba zinafika zimefifia. Tukakubaliana anitumie kama dokumenti, na kwa kampuni tukaambatanisha faili halisi kwenye barua pepe.

Pamoja na picha, andika jina la filamu au tamthilia, msimu, sehemu, na dakika iliposimama. Dakika ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaeleza sababu tutakapofika kwenye namba za makosa.

Hatua ya tatu: kifaa na matoleo yake

"Boksi jeusi la Android" si jina la kifaa. Kampuni inataka namba ya modeli, toleo la mfumo na toleo la programu yenyewe. Modeli huwa imebandikwa chini ya boksi au nyuma ya runinga. Kwenye vifaa vya Android TV utaikuta pamoja na toleo la mfumo katika:

```
Settings > Device Preferences > About
```

Kwenye vifaa vya Google TV huwa ni `Settings > System > About`, na kwenye runinga nyingi za Samsung ni `Settings > Support > About This TV`. Toleo la programu ya filamu liko kwenye orodha ya programu ndani ya `Settings > Apps`. Programu nyingi pia zina ukurasa wao wa taarifa za kifaa, wenye mlolongo mrefu wa herufi na namba unaokitambulisha kifaa chako kwenye akaunti. Upige picha huo, maana kuunakili kwa mkono ni kukaribisha makosa.

Fanya haya kabla hujagusa kitu. Watu wengi, wakisikia programu inasumbua, huifuta na kuipakua upya palepale. Ukifanya hivyo, toleo lililokuwa na tatizo limeondoka, kumbukumbu za ndani ya programu zimefutika, pengine na utambulisho wa kifaa umebadilika. Rekodi kwanza, tengeneza baadaye. Angalia pia ukurasa wa programu kwenye Play Store, kuna tarehe ya `Updated on`. Kwa mjomba iliandikwa 2 Julai 2025, na kosa la kwanza lilitokea tarehe 4. Peke yake haithibitishi jambo, ila ni taarifa ambayo mhandisi ataitilia maanani.

Kuna jambo la kukagua mapema ili usijichoshe bure. Filamu za kulipia hulindwa kwa mfumo wa leseni, na kwenye Android mfumo huo ni Widevine wa Google. Una viwango, na boksi nyingi za bei ndogo zina kiwango cha L3, ambacho huduma nyingi hukipa picha ya ubora wa chini tu. Kama lalamiko lako ni kwamba picha haing'ai kwenye boksi la namna hiyo, utajibiwa kwamba kifaa hakikubaliki kwa ubora wa juu, na hapo kampuni itakuwa sahihi. Tazama orodha ya vifaa inavyovikubali. Boksi la mjomba lilikuwemo, na tulilisema hilo kwenye barua.

Hatua ya nne: namba ya kosa inasema nini

Hapa ndipo lalamiko linapopata nguvu. Kila huduma ina namba zake, na nyingine huzieleza hadharani kwenye kurasa zao za msaada. Netflix kwa mfano huandika NW-2-5 kifaa kinaposhindwa kuifikia huduma kupitia mtandao, na UI-800-3 taarifa zilizohifadhiwa kwenye kifaa zinapohitaji kufutwa na kuwekwa upya. Programu nyingi za Android zimejengwa juu ya kichezeshi kiitwacho ExoPlayer, ambacho sasa ni sehemu ya Media3, na baadhi huonyesha namba zake moja kwa moja. Programu ya mjomba ilikuwa ya aina hiyo.

Namba za ExoPlayer zimepangwa kwa makundi. Zinazoanzia 2000 zinahusu kuleta data: 2001 ni muunganisho kushindikana, 2002 ni muunganisho kuchelewa hadi muda ukaisha. Za 4000 zinahusu kifaa kushindwa kufungua picha, na 4001 inaonekana sehemu ya ndani ya kifaa inayofanya kazi hiyo inapokataa hata kuanza. Za 6000 zinahusu leseni, na 6004 maana yake programu imeomba leseni ya filamu isiipate.

Leseni ni kama tiketi ya basi la Dar: basi lipo, barabara nzuri, umefika stendi mapema, lakini bila tiketi hupandi. Filamu hufika nyumbani ikiwa imefungwa, na programu lazima iombe ufunguo kwa seva nyingine kabla ya kuonyesha chochote. Ndiyo maana kosa la leseni kwa kawaida hutokea mwanzoni kabisa, dakika 00:00, ilhali intaneti dhaifu huiacha filamu ianze na kuikatia njiani. Ukiwa umeandika dakika kwa kila tukio, tofauti hiyo inaonekana bila mtu kuwa mtaalamu.

Daftari la mjomba lilikuwa na makosa ya aina zote mbili yamechanganyika, na yeye aliyaona kuwa ni ugonjwa mmoja. Tulipoyatenganisha kwa namba na dakika, yakawa mambo matatu tofauti.

Hatua ya tano: vipimo vya kulinganisha, kosa likiwa bado kwenye skrini

Kipimo cha asubuhi hakielezi tatizo la usiku. Mtandao wa simu hulemewa jioni watu wakirudi nyumbani, kwa hiyo pima papo hapo. Fungua fast.com kwenye simu iliyo kwenye Wi-Fi ileile na uandike kasi. Kama mwongozo, Netflix hupendekeza 3 Mbps kwa picha ya 720p na 5 Mbps kwa 1080p, na huduma nyingine haziko mbali sana na hapo. Kumbuka kipimo chenyewe kinakula bando, kwa hiyo kimoja kwa kila tukio kinatosha.

Kisha cheza filamu hiyohiyo kwenye simu kwa Wi-Fi hiyohiyo. Ikicheza kwenye simu na kugoma kwenye boksi, intaneti na akaunti vimeondoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Ukiweza, washa hotspot ya simu yenye laini ya kampuni nyingine ya simu, uunganishe boksi, ujaribu tena. Ikigoma kwenye mitandao miwili tofauti, hakuna atakayekuambia ubadilishe ruta.

Watu hupenda kusema, "Mbona YouTube inacheza vizuri?" Ni hoja nusu. YouTube ikicheza kwenye boksi hilohilo imeonyesha kwamba intaneti ipo na kifaa kinaweza kufungua picha. Lakini video za kawaida za YouTube haziombi leseni ya Widevine, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu leseni. Huduma nyingine ya kulipia ikicheza kwenye boksi hilo ndiyo inayoonyesha kwamba mfumo wa leseni wa kifaa ni mzima.

Kama unatumia VPN, izime kabla ya vipimo vyote na uandike kwamba imezimwa. Ikibaki imewashwa, lalamiko litaishia hapo.

Halafu kuna saa ya boksi, jambo ambalo huku kwetu halina budi kuangaliwa kwa sababu ya umeme kukatika. Boksi nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukirudi, boksi linawaka likiwa na tarehe ya zamani, na hubaki hivyo mpaka lipate saa kutoka mtandaoni. Ruta ikichelewa kupata mtandao, kuna dakika kadhaa ambapo boksi linaamini liko miaka ya nyuma. Vyeti vya usalama vya seva huonekana kwake kama bado havijaanza kutumika, muunganisho unakataliwa, na programu inaandika kosa linalofanana na la mtandao. Ukiona kosa baada ya umeme kurudi, fungua mipangilio ya tarehe kwanza. Ikiwa tarehe si sahihi, isubiri au uirekebishe, kisha jaribu tena. Tukio hilo usilipeleke kwa kampuni.

Kuchambua daftari kabla ya kuandika

Hiki ndicho kilichokuwa kwenye daftari la mjomba baada ya kusafishwa.

Ijumaa 4 Julai, 20:42, kosa 6004 dakika 00:00, kasi 11 Mbps, simu ilicheza. Jumamosi 5 Julai, 21:10, kosa 2002 dakika ya 37, kasi 0.8 Mbps, simu nayo ikakwama. Jumatatu 7 Julai, siku ya Sabasaba, 15:20, kosa 6004 dakika 00:00, kasi 9 Mbps, simu ilicheza. Jumatano 9 Julai, 20:35, kosa 2001 muda mfupi baada ya umeme kurudi, tarehe ya boksi ikiwa ya miaka ya nyuma. Jumamosi 12 Julai, 20:51, kosa 6004 dakika 00:00, kasi 12 Mbps, simu ilicheza. Jumapili 13 Julai, 21:05, kosa 6004 dakika 00:00, boksi likiwa kwenye hotspot ya mtandao mwingine, kasi 7 Mbps.

Tukio la tarehe 5 ni la kampuni ya simu, maana kasi ilishuka na vifaa vyote viwili vikakwama. La tarehe 9 ni la saa ya boksi. Yanabaki manne, yote 6004, yote mwanzoni mwa filamu, moja likiwa mchana ambapo mtandao haujalemewa, na moja kwenye mtandao tofauti kabisa.

Mjomba hakupenda kuyaondoa mawili yale, aliona anapunguza uzito wa lalamiko. Mimi nashikilia kwamba yangelidhoofisha. Mhudumu akikuta tukio moja lenye kasi ya 0.8 Mbps, ana haki ya kujibu kuhusu hilo tu na kuyaacha manne mengine. Kadhalika siku za tatizo kubwa linalojulikana: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima, hakukuwa na maana kulalamikia huduma ya filamu kwa usiku ule.

Barua yenyewe

Iwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye simu bila kuchoka. Kichwa kibebe namba ya kosa, idadi, tarehe na kifaa, kwa sababu ndicho kinachoamua inapelekwa kwa nani. Hasira yako ni halali, lakini haisaidii kutafuta tukio kwenye seva. Kama wahudumu wanasoma lugha nyingine, maneno machache yatatafsiriwa, na namba zitabaki zilezile.

Hii ndiyo aliyotuma mjomba:

Kichwa: Kosa 6004 limejirudia mara nne, 4–13 Julai 2025, boksi la Android TV modeli TVB-210

Habari za kazi,

Naomba mchunguze kosa 6004 linalozuia filamu kuanza kwenye boksi langu. Akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ninayotumia kuwaandikia. Boksi ni modeli TVB-210, Android TV 11, programu yenu toleo 5.18.2. Utambulisho wa kifaa umo kwenye picha ya kwanza. Kifaa kimo kwenye orodha yenu ya vifaa vinavyokubalika.

Saa zote ni za Afrika Mashariki (UTC+3), kwenye mabano ni UTC. Kila mara kosa limetokea dakika 00:00.

4 Julai 2025, 20:42 (17:42), tamthilia msimu wa 1 sehemu ya 3, kasi 11 Mbps.
7 Julai 2025, 15:20 (12:20), sehemu hiyohiyo, kasi 9 Mbps.
12 Julai 2025, 20:51 (17:51), filamu nyingine, kasi 12 Mbps.
13 Julai 2025, 21:05 (18:05), filamu hiyo ya tarehe 12, kwa mtandao wa kampuni nyingine ya simu, kasi 7 Mbps.

Katika matukio matatu ya kwanza nilicheza kitu hichohicho kwenye simu yangu kwa Wi-Fi ileile ndani ya dakika tano, na kilicheza. Huduma nyingine ya kulipia inacheza vizuri kwenye boksi hili. Tarehe na saa za boksi ni sahihi, na situmii VPN. Tarehe 8 Julai nilizima na kuwasha kifaa, nikafuta programu na kuipakua upya, na kosa likarudi kama mnavyoona. Programu ilisasishwa 2 Julai. Kabla ya hapo sijawahi kuliona kosa hili.

Naomba mambo mawili: mniambie seva yenu ya leseni ilijibu nini katika matukio haya manne, na mnirudishie au mnifidie malipo ya mwezi huu. Naomba jibu ifikapo 31 Julai 2025. Picha nne na risiti ya malipo zimeambatanishwa.

Ukiisoma tena utaona kila swali la kawaida la mhudumu limeshajibiwa ndani yake: kuzima na kuwasha, kupakua upya, kasi, mtandao mwingine, VPN. Ombi nalo ni la kitu kinachoweza kutekelezwa. "Rekebisheni huduma yenu" hakuna anayejua limetimizwa lini.

Kwenye risiti, kama umelipa kwa simu, namba ya muamala na tarehe vinatosha. Kama ni kadi, toa tarakimu nne za mwisho tu. Nywila haiombwi na mtu yeyote wa kweli. Barua pepe ya akaunti na utambulisho wa kifaa usiviweke hadharani kwenye mitandao ya kijamii, hata kama kampuni inajibu haraka zaidi huko. Huko andika malalamiko kwa maneno mawili, vielelezo vitume kwa njia ya faragha.

Baada ya kutuma

Utapewa namba ya kumbukumbu. Iandike kwenye daftari, na kila unachoongeza kitume kwa kujibu barua ileile. Ukifungua lalamiko jipya kila siku, matukio yako yatasambaa kwa wahudumu tofauti na hakuna atakayeona kwamba ni manne. Ukizungumza kwa simu, andika tarehe, saa na ulichoambiwa, kisha uwatumie kwa maandishi ili kiingie kwenye kumbukumbu hiyo.

Jibu la kwanza kwa mjomba lilikuwa lilelile la kuzima na kuwasha. Hilo ni la kawaida. Alijibu kwa sentensi moja kwamba hatua hizo alizifanya 8 Julai kama barua inavyoeleza, na akaomba suala lipelekwe kwa wahandisi. Wakaomba picha ya utambulisho wa kifaa iliyo kubwa zaidi, akaituma. Baadaye wakamwandikia kwamba toleo lile la programu lilikuwa na tatizo la kuomba leseni kwenye modeli yake, wakamwelekeza asakinishe toleo jipya, na wakamwongezea mwezi mmoja bila malipo.

Wasipojibu, njia inategemea ulilipa wapi. Kama ulinunua kupitia Google Play, ombi la kurudishiwa fedha linapitia huko. Kama huduma ilikuja ndani ya kifurushi cha kampuni ya simu, lalamikia kampuni hiyo kwanza, na wakishindwa kukusaidia peleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na mawasiliano yote. Kwa huduma iliyolipiwa isitolewe kama ilivyoahidiwa, ipo pia Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo inamlinda na mlaji. Soma masharti ya huduma kabla ya kudai fedha, kwani kampuni nyingi huandika humo kwamba haziahidi huduma isiyokatika. Masharti hayo huzungumzia kukatika kwa hapa na pale. Kosa moja linalojirudia kwenye kifaa ambacho wao wenyewe wamekiorodhesha kuwa kinakubalika ni jambo jingine, na ndiyo sababu ile sentensi ya orodha ya vifaa haifai kukosekana kwenye barua.

Lalamiko lisifungwe siku unayopokea toleo jipya. Mhudumu atauliza kama tatizo limeisha. Mwambie unaendelea kupima na umwombe aliache wazi. Wiki mbili zinatosha, ukicheza mchana na usiku, na tukio lolote jipya la 6004 unaliongeza kwenye barua ileile kwa mpangilio uleule wa saa, kasi na kifaa.